Kumbukumbu za Mkutano: Kupanga Upya Maandishi Yaliyoandikwa kwa Mfuatano wa Wasemaji

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtahiniwa uweze:
(a) kutofautisha azimio, kazi, taarifa na maoni katika maandishi ghafi ya mkutano;
(b) kuyapanga upya maandishi hayo katika sehemu za maazimio, kazi za kutekeleza na wahusika;
(c) kutambua kazi isiyo na mhusika na azimio lisilo na kazi.

1. Maandishi ghafi ni nini?

Katibu anapokuwa mkutanoni huandika haraka. Siku hizi makatibu wengi huchapa moja kwa moja kwenye kompyuta au simu, kila msemaji na mstari wake, kwa mfuatano uleule waliosemea. Maandishi hayo huitwa maandishi ghafi. Bado si kumbukumbu za mkutano.

Ghafi ina kasoro moja kubwa: inafuata saa, haifuati hoja. Watu mkutanoni hawazungumzi kwa mpangilio. Mmoja hutoa pendekezo, wa pili akalipinga, wa tatu akaleta jambo jingine kabisa, kisha nusu saa baadaye mtu akakumbuka kwamba lile la kwanza alilisema vibaya. Kwa hiyo jambo moja hujikuta limetawanyika katika mistari mitatu au minne iliyo mbalimbali. Msomaji anayetaka kujua mambo mawili tu, yaani kikao kimeamua nini na nani anatakiwa kufanya nini, hulazimika kusoma yote. Mbaya zaidi, akiishia katikati ataondoka na jambo ambalo lilikwisha kukataliwa.

2. Maneno manne unayopaswa kuyatofautisha

*Azimio* ni jambo ambalo kikao kimelikubali. Dalili zake ni maneno kama "wote wakakubali", "hakuna aliyepinga", au mwenyekiti kuhitimisha kwa "basi, iwe hivyo" na wajumbe wakaridhia.

*Kazi* ni tendo ambalo mtu fulani anatakiwa kulifanya baada ya kikao. Kazi iliyokamilika ina vitu vitatu: tendo lenyewe, mhusika na tarehe ya mwisho.

*Taarifa* ni jambo lililoelezwa ili wajumbe walijue, kwa mfano kiasi cha fedha kilichopo.

*Maoni* ni mapendekezo na hoja za mjumbe mmoja mmoja kabla kikao hakijaamua. Pendekezo zuri namna gani, hata likitoka kwa mtu mkubwa, halijawa azimio mpaka kikao kilikubali.

Watahiniwa wengi huchanganya azimio na kazi. Kumbuka hivi: azimio ni la kikao, kazi ni ya mtu. "Mpishi ataajiriwa kwa bei isiyozidi shilingi 120,000" ni azimio. "Kiranja wa chakula azungumze na mpishi" ni kazi. Mstari mmoja wa ghafi unaweza kubeba vyote viwili, nawe utatakiwa kuugawa.

3. Mfano wa maandishi ghafi

Soma maandishi yafuatayo ya mkutano wa Kamati ya Maandalizi ya Mahafali ya Kidato cha Nne, uliofanyika Jumatano, tarehe 10 Septemba, 2025. Kamati ina wajumbe tisa: Mwenyekiti, Katibu, Katibu Msaidizi, Mhazini, Kiranja wa Chakula, na wajumbe wanne wa mikondo ya 4A, 4B, 4C na 4D. Mwalimu mlezi alihudhuria kama mwalikwa. Tumewataja wahusika kwa vyeo vyao. Katika kumbukumbu za kweli utaandika jina na cheo.

1. Mwenyekiti kafungua saa 9:15 alasiri. Wapo 7 kati ya 9. Wa 4B anaumwa, katoa taarifa. Wa 4C hayupo, hakuna taarifa.
2. Mhazini: wahitimu 84, mchango 10,000/= kila mmoja. Waliolipa 61. Jumla 610,000/=.
3. Mjumbe 4A: mahafali yawe Jumamosi 11 Oktoba.
4. Mlezi: tarehe 11 ukumbi una kikao cha wazazi. Tazameni tarehe 18.
5. Katibu: 18 ni Jumamosi pia, inafaa. Wote wakakubali.
6. Kiranja wa Chakula: tupike pilau ya watu 200, mchele kilo 40. Mpishi anataka 150,000/=.
7. Mjumbe 4A: mpishi ghali, tupike wenyewe.
8. Mlezi: wahitimu wasipike siku yao. Aletwe mpishi ila bei ishuke.
9. Mwenyekiti: basi tuchukue mpishi, isizidi 120,000/=. Wakakubali. Mtu aongee naye wiki hii.
10. Mhazini: ambao hawajalipa wawe wamelipa ifikapo 26 Septemba. Hakuna aliyepinga. Nitawapa viranja wa madarasa orodha ya wadaiwa kesho.
11. Mjumbe 4D: taa za bweni la wavulana hazijatengenezwa. Mwenyekiti: hilo si la kamati hii, lipelekwe serikali ya wanafunzi.
12. Katibu Msaidizi: mgeni rasmi awe diwani wa kata. Mjumbe 4A: hapana, mhitimu wa zamani. Mabishano marefu. Mlezi: nitamwuliza mkuu wa shule kwanza.
13. Kiranja wa Chakula: mpishi nitaongea naye mimi Ijumaa hii.
14. Mhazini: kumbe waliolipa yote ni 59, wawili wamelipa nusu, 5,000/= kila mmoja.
15. Mjumbe 4D: spika moja ya shule mbovu. Mtu aikague kabla ya siku.
16. Mlezi: risala lazima niione kabla ya kusomwa. Katibu: rasimu nitakuletea 29 Septemba.
17. Mwenyekiti: tukutane tena Jumatano 24 Septemba saa 9 alasiri. Kafunga saa 10:20 jioni.

Tazama hatari iliyomo. Mtu akisoma mistari mitatu ya kwanza tu, ataandika kwenye kadi za mwaliko kwamba mahafali ni tarehe 11 Oktoba, na wageni watafika ukumbini wakute kikao cha wazazi. Akisoma mstari wa 2 bila wa 14, ataamini kamati ina shilingi 610,000. Kupanga upya ndiko kunakoziba mianya hiyo.

4. Hatua za kupanga upya

*Hatua ya kwanza: hifadhi nakala ya ghafi.* Usiifanyie kazi ghafi yenyewe. Ukiwa kwenye kompyuta, hifadhi faili la pili kwa jina jingine, kisha fanya kazi katika hilo la pili. Mjumbe akidai baadaye kwamba hakusema hivyo, utarudi kwenye ghafi na kuangalia. Ukiwa kwenye chumba cha mtihani, ghafi ni ile iliyochapwa kwenye karatasi ya maswali. Usiifute wala kuichorachora hadi isisomeke.

*Hatua ya pili: ipe kila mstari namba.* Namba zitakusaidia mwishoni kuhakiki kwamba hakuna mstari uliopotea wakati wa kuhamisha. Kama ghafi haina namba, ziweke mwenyewe kwa penseli.

*Hatua ya tatu: weka alama pembeni ya kila mstari.* Tumia herufi moja tu: A kwa azimio, K kwa kazi, T kwa taarifa, M kwa maoni, na S kwa suala ambalo halijaamuliwa. Mstari wenye mambo mawili uupe herufi mbili. Katika mfano wetu alama zitakuwa hivi: mstari wa 1 na 2 ni T, wa 3 na 4 ni M, wa 5 ni A, wa 6 ni T na M, wa 7 na 8 ni M, wa 9 na 10 ni A na K, wa 11 ni S, wa 12 ni S na K, wa 13 ni K, wa 14 ni T, wa 15 ni K, wa 16 ni K, wa 17 ni A na T.

*Hatua ya nne: fuatilia kila jambo hadi neno lake la mwisho.* Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua jambo moja, kwa mfano mpishi, upitie ghafi yote ukitafuta kila mahali lilipotajwa. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+F kisha andika neno "mpishi". Utalikuta katika mistari ya 6, 7, 8, 9 na 13 (katika wa 9, 'tuchukue mpishi'). Neno la mwisho kuhusu bei liko mstari wa 9, na neno la mwisho kuhusu nani ataongea naye liko mstari wa 13. Mtahiniwa anayeacha kufuatilia ataandika kwamba kazi ya mpishi haina mhusika, kwa sababu mstari wa 9 unasema "mtu aongee naye". Kumbe mhusika alijitaja mwenyewe mistari minne baadaye.

Fanya vivyo hivyo kwa fedha. Mstari wa 14 unaanza na neno "kumbe", ambalo katika ghafi karibu daima ni dalili ya marekebisho. Hapo hesabu inabadilika:

Waliolipa yote: 59 × 10,000 = 590,000
Waliolipa nusu: 2 × 5,000 = 10,000
Jumla iliyopo: 600,000

Jumla inayotarajiwa ni 84 × 10,000 = 840,000. Kwa hiyo bado 240,000. Hakiki kwa njia ya pili: wasiolipa kabisa ni 84 − 59 − 2 = 23, nao wanadaiwa 230,000; wa nusu wawili wanadaiwa 10,000; jumla 240,000. Hesabu zimekubaliana.

Marekebisho haya hayaishii kwenye taarifa. Yanagusa pia kazi ya mstari wa 10. Mhazini aliahidi orodha ya wadaiwa; orodha hiyo sasa ina watu 25, siyo 23, kwa kuwa wale wawili wa nusu nao ni wadaiwa. Taarifa ikirekebishwa, uliza daima: je, kuna azimio au kazi iliyoitegemea?

*Hatua ya tano: badilisha maneno ya wakati na ya nafsi.* Ghafi imejaa "kesho", "wiki hii", "Ijumaa hii", "mimi", "nitakuletea". Maneno hayo yana maana siku ya kikao tu. Kumbukumbu zitasomwa siku nyingine na mtu mwingine, kwa hiyo ziandikwe kwa usemi wa taarifa. Kikao kilikuwa Jumatano tarehe 10. Basi "kesho" ni Alhamisi tarehe 11 Septemba, 2025, na "Ijumaa hii" ni tarehe 12 Septemba, 2025. "Nitaongea naye mimi" inakuwa "Kiranja wa Chakula atazungumza na mpishi".

*Hatua ya sita: andika kwa sehemu.* Hamisha kila jambo hadi sehemu yake. Kwenye kompyuta ni kukata kwa Ctrl+X na kubandika kwa Ctrl+V, lakini usibandike tu ukaacha sentensi ilivyo. Sentensi ya ghafi iandikwe upya iwe kamili.

5. Matokeo ya kupanga upya

MAAZIMIO

A1. Kamati iliazimia kuwa mahafali yafanyike Jumamosi, tarehe 18 Oktoba, 2025, kwa kuwa tarehe 11 Oktoba ukumbi utatumika kwa kikao cha wazazi.
A2. Kamati iliazimia kuwa chakula kipikwe na mpishi wa kuajiriwa kwa malipo yasiyozidi shilingi 120,000.
A3. Kamati iliazimia kuwa mwisho wa kulipa mchango ni tarehe 26 Septemba, 2025.
A4. Mkutano ujao utafanyika Jumatano, tarehe 24 Septemba, 2025, saa 9:00 alasiri.

KAZI NA WAHUSIKA

| Na. | Kazi | Mhusika | Mwisho |
|---|---|---|---|
| K1 | Kuzungumza na mpishi kuhusu bei (A2) | Kiranja wa Chakula | 12 Septemba, 2025 |
| K2 | Kuwapa viranja wa madarasa orodha ya wadaiwa 25 (A3) | Mhazini | 11 Septemba, 2025 |
| K3 | Kupeleka rasimu ya risala kwa mwalimu mlezi | Katibu | 29 Septemba, 2025 |
| K4 | Kumwuliza mkuu wa shule kuhusu mgeni rasmi | Mwalimu mlezi | Haikutajwa |
| K5 | Kukagua spika mbovu ya shule | Hakutajwa | Kabla ya mahafali |

MASUALA YANAYOSUBIRI

S1. Mgeni rasmi. Mapendekezo ni mawili: diwani wa kata au mhitimu wa zamani. Hayakuamuliwa.
S2. Idadi ya watu watakaolishwa na kiasi cha mchele. Yalipendekezwa, hayakuamuliwa.
S3. Taa za bweni la wavulana. Mwenyekiti alielekeza suala lipelekwe serikali ya wanafunzi.

TAARIFA

Michango iliyopokelewa ni shilingi 600,000 kati ya 840,000. Waliolipa yote ni 59, waliolipa nusu ni 2, na wasiolipa kabisa ni 23.

Angalia mambo mawili katika matokeo haya. Kwanza, A1 imebeba sababu yake. Tunapopanga upya tunapoteza mfuatano, na katika mfuatano ndimo mlimokuwa na sababu. Kwa hiyo azimio ambalo mtu anaweza kulihoji kesho liandikwe pamoja na sababu fupi, vinginevyo mjumbe wa 4C ambaye hakuhudhuria atauliza upya kwa nini isiwe tarehe 11. Pili, K1 na K2 zimeonyesha azimio zinalotekeleza. Msomaji akitaka kujua A2 inatekelezwa na nani, ataona mara moja.

6. Mitego mitatu

*Mtego wa kwanza: pendekezo lililoachwa bila kujibiwa.* Rudi mstari wa 6. Kiranja wa Chakula alitaja mambo matatu kwa pumzi moja: watu 200, mchele kilo 40, na bei ya mpishi. Wajumbe walijadili bei tu. Hakuna aliyekataa watu 200, lakini pia hakuna aliyekubali, jambo lilipita. Mtahiniwa mwenye haraka huandika: "Kamati iliazimia kupika pilau ya watu 200." Hilo ni kosa kubwa, maana amekipa kikao uamuzi ambao hakikufanya, na kilo 40 za mchele zitanunuliwa kwa jina la kamati. Mahali pake ni masuala yanayosubiri. Usichanganye na mstari wa 10: pale mwisho wa malipo ulitajwa peke yake, na katibu aliandika wazi kwamba hakuna aliyepinga. Ule ni ukubali wa kikao.

*Mtego wa pili: kazi isiyo na mwenyewe.* Neno "mtu" katika ghafi ni la kuangaliwa kwa makini. Litafute kwa Ctrl+F ukiwa kwenye kompyuta, au lizungushie duara ukiwa na karatasi. Katika mfano limetokea mara mbili kama mhusika: mstari wa 9, ambao ulijibiwa na wa 13, na mstari wa 15, ambao haukujibiwa popote. Maumbo mengine ya mtego huu ni "tukague", "ikaguliwe" na "kamati ishughulikie". Tendo likiwa la wote huwa halina mtu.

Je, ufanyeje ukikuta kazi ya namna hiyo? Usimpachike mtu. Mjumbe wa 4D ndiye aliyetaja spika, lakini kutaja tatizo si kukubali kulitatua. Andika "Hakutajwa" katika safu ya mhusika, kisha umwone mwenyekiti amteue mtu kabla kumbukumbu hazijasambazwa. Nafasi iliyo wazi katika jedwali humsuta kila anayeisoma. Jina la kubuni hulificha tatizo hadi siku ya mahafali spika inapokoroma.

*Mtego wa tatu: azimio lisilo na kazi.* Huu ni mgumu kuuona, kwa sababu hakuna neno katika ghafi linaloutangaza. Huonekana tu baada ya kupanga. Chukua kila azimio ulitafutie kazi yake katika jedwali. A2 ina K1. A3 ina K2. A4 haihitaji zaidi ya wajumbe kufika. A1 je? Kamati imeamua mahafali yawe tarehe 18 Oktoba, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuandikisha ukumbi kwa tarehe hiyo. Wajumbe wote walitoka wakiamini jambo la tarehe limekwisha. Tarehe 11 waliikosa kwa sababu wengine waliwahi ukumbi. Hakuna kinachozuia jambo hilohilo kutokea tarehe 18.

Hapa pia katibu habuni kazi. Anaweka swali mwishoni mwa maandishi yake, kwa mfano: "Kwa mwenyekiti: A1 haina mtekelezaji wa kuandikisha ukumbi. K4 haina tarehe. K5 haina mhusika." Mistari hiyo mifupi ndiyo faida kubwa ya kupanga upya kuliko kuyaacha maandishi kwa mfuatano wa wasemaji.

7. Kuhakiki

Kabla ya kukabidhi, pitia namba za ghafi kuanzia 1 hadi 17 na uulize kila moja imekwenda wapi. Mstari wa 1 umekwenda kwenye mahudhurio. Mstari wa 2 na wa 14 umeungana katika taarifa. Mstari wa 3, 7 na 8 haukuhamia popote kwa sababu ni maoni yaliyomezwa na maazimio. Hiyo ni sawa, ilimradi umeuacha kwa kujua. Mstari ambao huwezi kuueleza ulipo ndio ulioupoteza.

Kisha hakiki upande wa pili. Chukua kila azimio na kila kazi uliyoandika, uonyeshe mstari wa ghafi ilikotoka. Jambo lisilo na mstari umelibuni.

8. Uhusiano na muundo wa kawaida wa kumbukumbu

Swali likikutaka uandike kumbukumbu kamili za mkutano, muundo wa kawaida haubadiliki: kichwa chenye jina la kikao, mahali, tarehe na saa, mahudhurio, yaani waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa na waalikwa, ajenda, kufungua mkutano, yatokanayo, mjadala wa kila ajenda, mengineyo, na kufunga mkutano pamoja na nafasi za saini za mwenyekiti na katibu. Katika muundo huo, azimio na mhusika wake huandikwa mwishoni mwa ajenda inayohusika. Hatua zile sita bado zinakuhusu, kwa kuwa nazo ndizo zitakazokuonyesha mstari wa 13 uingie kwenye ajenda ya chakula na wa 14 kwenye ajenda ya fedha.

Swali likikutaka uyapange maandishi kwa maazimio, kazi na wahusika, usirudie mjadala wote. Toa sehemu zilizotajwa tu, kama tulivyofanya katika sehemu ya 5. Jedwali la kazi ndilo litakalosomwa kwenye mkutano wa tarehe 24 Septemba chini ya yatokanayo: mwenyekiti atataja K1, na mhusika ataeleza alipofikia.

Zoezi

Klabu ya Mazingira ilikutana Jumanne, tarehe 3 Februari, 2026. Yapange upya maandishi ghafi yafuatayo katika maazimio, kazi na wahusika, na masuala yanayosubiri. Mwishoni taja upungufu ambao katibu anapaswa kumwonyesha mwenyekiti.

1. Mwenyekiti: miche 120 imeletwa jana.
2. Mjumbe wa kwanza: ipandwe nyuma ya maabara.
3. Katibu: pale kutajengwa choo. Ipandwe kando ya uwanja wa mpira. Wote wakakubali.
4. Mhazini: tununue ndoo 4 za kumwagilia, 5,000/= kila moja.
5. Mjumbe wa pili: mbuzi wa majirani watakula miche. Tuweke uzio? Mwenyekiti: tutalijadili kikao kijacho.
6. Mwenyekiti: ndoo tuanze na 2. Wakakubali.
7. Mjumbe wa kwanza: mtu atafute samadi.
8. Mhazini: ndoo nitanunua kesho.

Majibu

*Maazimio.* A1: Klabu iliazimia kuwa miche 120 ipandwe kando ya uwanja wa mpira, kwa kuwa nyuma ya maabara kutajengwa choo. A2: Klabu iliazimia kununua ndoo 2 za kumwagilia kwa jumla ya shilingi 10,000.

*Kazi na wahusika.* K1: Kununua ndoo 2 (A2), mhusika ni Mhazini, mwisho ni Jumatano, tarehe 4 Februari, 2026. K2: Kutafuta samadi, mhusika hakutajwa, tarehe haikutajwa.

*Masuala yanayosubiri.* S1: Uzio wa kuzuia mbuzi, utajadiliwa kikao kijacho.

*Upungufu.* K2 haina mhusika wala tarehe. A1 haina kazi: hakuna aliyepangiwa kupanda miche wala siku ya kuipanda, ilhali miche iko tayari shuleni tangu tarehe 2 Februari.

*Maelezo.* Ukiandika ndoo 4 na shilingi 20,000, umeishia mstari wa 4 bila kufuatilia jambo hadi mstari wa 6. Ukimpa mjumbe wa kwanza kazi ya samadi, umeingia katika mtego wa pili.